MOTERI INAYOSIMAMA NDIYO INAYOUNGUA
(Somo la fizike kwa wanafunzi wa madarasa ya 5 na ya 6, na kwa kila mtu anayewasha pompi)



Katika enterogasio ya mwisho niliwapa swali moja ambalo lilionekana rahisi sana. Moteri ya kontini, maana yake ile inayotumia umeme wa batri, iko na kibao kimeandikwa: 24 V, 10 A, mizunguko 1500 kwa dakika. Tumepima rezistansi ya waya za rotori yake, tukapata 0,4 Ω. Niliuliza: moteri hii ikiwa inatembea na kazi yake ya kawaida, mkondo wake ni ampere ngapi, na juu ya nini?

Wengi wenu mulikimbilia sheria ya Ohm bila kuvuta pumzi. Mukaandika: 24 : 0,4 = 60 A. Hesabu ya kugawanya ni sawa kabisa. Lakini kibao kinasema 10 A, na ampermetri yetu nayo ilisema 10 A. Mwanafunzi mmoja akasimama na kuuliza: « Mwalimu, sasa nani anadanganya, kibao ama Ohm? »

Hakuna anayedanganya. Zile 60 A ni jibu la kweli, lakini ni jibu la swali lingine. Ni mkondo wa moteri hiyo hiyo wakati imesimama. Tofauti kati ya 60 na 10 njo somo letu la leo. Mimi mwenyewe nililijua somo hili katika kitabu miaka mingi mbele ya kulielewa, na kosa langu mtu mwingine alililipa. Nitawaambia habari hiyo kisha kumaliza hesabu, maana bila hesabu hamutaona ni nani aliyekosa.

1. VOLTI ZIMEPOTELEA WAPI?

Tuanze na kile ambacho ampermetri inatuonyesha: 10 A zinapita katika waya za rotori zenye 0,4 Ω. Kwa kusukuma 10 A katika 0,4 Ω, tunahitaji volti ngapi? 10 x 0,4 = 4 V. Basi. Volti nne tu zinatosha. Lakini batri zetu mbili zinatoa 24 V. Zile 20 V zingine ziko wapi?

Fikiri dinamo ya kinga, ile inayowasha taa ya mbele usiku. Ukizungusha waya na sumaku, moja mbele ya nyingine, umeme unazaliwa. Kadiri unavyokanyaga kwa nguvu, taa inazidi kuwaka. Sasa angalia ndani ya moteri yetu: kuna sumaku pembeni, na katikati kuna waya zinazozunguka. Ni kitu kile kile! Waya hazijui kama ni mguu wa mtu unaozizungusha ama ni umeme wa batri. Zikizunguka mbele ya sumaku, zinazaa volti tu. Kwa hiyo kila moteri ya namna hii, wakati inatembea, ni dinamo vilevile.

Na volti hizo zinaelekea wapi? Zinaelekea kinyume cha batri. Ndivyo ilivyo sheria ambayo Lenz aliitoa mwaka wa 1834: umeme unaozaliwa hivi unapinga siku zote kile kilichouzaa. Batri inasukuma mkondo uingie, rotori inayozunguka inausukuma urudi. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu kutoka nje na yule kutoka ndani. Wa nje anasukuma kwa 24, wa ndani anasukuma kwa 20. Mlango unaona ile tofauti tu, yaani 4.

Volti hizo za rotori tutaziita volti za kupinga, na tutaziandika E'. Tansioni ya batri ni U, rezistansi ya rotori ni R, mkondo ni I. Basi:

U = E' + R x I

Na kama tunatafuta mkondo:

I = (U - E') : R

Kwa moteri yetu: (24 - 20) : 0,4 = 10 A. Kibao na Ohm wamepatana.

Kama hamuamini kwamba E' iko kweli, mutaiona kwa macho siku ya kazi ya mikono. Tutafunga voltimetri ya sindano juu ya nyuzi mbili za moteri, tuiache moteri izunguke bila mzigo, kisha tukate umeme wa batri. Mungefikiri kwamba sindano itaanguka mara moja mpaka sifuri. Hapana. Itabaki juu, pale karibu na volti 23, halafu itashuka polepole pamoja na mwendo wa moteri. Batri haiko tena. Volti hizo ni za rotori yenyewe.

2. MWENDO NA MKONDO VINAKWENDA PAMOJA

Dinamo ya kinga inatufundisha jambo la pili: ukizidisha mwendo mara mbili, volti zinazidi mara mbili. Kwa moteri yenye sumaku ambazo hazibadiliki, kama yetu, ni vilevile. Tumeona kwamba kwa mizunguko 1500 E' ni 20 V. Basi 1500 : 20 = 75. Kila mizunguko 75 kwa dakika inazaa volti moja ya kupinga. Mushike namba hiyo 75, itatusaidia mpaka mwisho wa somo. Ni ya moteri hii tu; moteri nyingine iko na namba yake.

Sasa tunaweza kufuata moteri tangu inapowashwa mpaka inapofika mwendo wake:

Mizunguko . . . . E' . . . . . . I
0 . . . . . . . . . . . . 0 V . . . . . 60 A
300 . . . . . . . . . . 4 V . . . . . 50 A
600 . . . . . . . . . . 8 V . . . . . 40 A
900 . . . . . . . . . . 12 V . . . . 30 A
1200 . . . . . . . . . 16 V . . . . 20 A
1500 . . . . . . . . . 20 V . . . . 10 A

Musome mistari hii polepole. Wakati moteri imesimama, hakuna kitu kinachopinga batri isipokuwa zile 0,4 Ω, na ni kidogo sana. Kadiri inavyokaza mwendo, inajifungia mlango yenyewe. Njo maana nasema: kinachozuia mkondo katika moteri si waya zake, ni mwendo wake.

Na juu ya nini inasimamia pale 1500, haiendelei mpaka 1600 ama 1700? Kwa sababu nguvu ya kuzungusha inatoka katika mkondo: ampere mingi, nguvu mingi, ampere kidogo, nguvu kidogo. Pompi yetu ilihitaji nguvu ile inayotolewa na 10 A. Moteri ikizunguka polepole kuliko 1500, mkondo unapita 10 A, nguvu inazidi mahitaji ya pompi, na moteri inakaza mwendo. Ikizunguka mbio kuliko 1500, mkondo unashuka chini ya 10 A, nguvu inapunguka, na pompi inairudisha nyuma. Hakuna mtu anayeiongoza. Inatafuta yenyewe fasi ambapo nguvu na mzigo ni sawasawa.

Kwa hiyo hesabu ya mwendo inafanywa kwa hatua hii: mzigo unatuambia I, I inatuambia E', E' inatuambia mizunguko. Tujaribu mara tatu.

Mara ya kwanza, tunatoa mzigo wote. Moteri inajizungusha bule, na ampermetri inaonyesha 1 A tu. E' = 24 - (0,4 x 1) = 23,6 V. Mwendo: 23,6 x 75 = 1770. Haiwezi kuzidi pale sana, kwa sababu kwa mizunguko 1800 E' ingekuwa 24 V sawa na batri, na hakuna mkondo ungepita.

Mara ya pili, pompi imekuwa nzito, na ampermetri inaonyesha 15 A. E' = 24 - (0,4 x 15) = 18 V. Mwendo: 18 x 75 = 1350.

Mara ya tatu, ni jioni na batri zimechoka, zinatoa 22 V tu. Mzigo ni ule ule, maji ni yale yale, kwa hiyo mkondo unabaki 10 A. E' = 22 - 4 = 18 V, na mwendo ni 1350 tena. Munaona: mwendo ni mmoja, lakini sababu ni mbili tofauti. Ukisikia moteri inaimba sauti ya chini, usiseme haraka kwamba batri zimekwisha. Tazama ampermetri. Kama sindano imebaki pale pale, tafuta kosa kwa batri. Kama sindano imepanda, tafuta kosa kwa pompi.

3. HABARI YA UZI WA SHABA

Sasa ile habari. Miaka ya nyuma nilikuwa nafundisha fasi nyingine. Kulikuwa na moteri kama hii, 24 V na 10 A, iliyozungusha pompi ya pistoni kwa njia ya magurudumu ya meno. Ilipandisha maji mpaka tanki la wanafunzi wa enterna. Umeme wake ulitoka katika batri mbili zilizojazwa na paneli za jua, ukipita katika fizibo ya 15 A.

Fizibo ile ilitutesa. Karibu kila asubuhi, ukiwasha tu, inakatika. Niliwaza: moteri ni ya 10 A, fizibo ni ya 15 A, basi fizibo hizi za soko ni mbaya. Kisha kununua nyingi na kuchoka, nilichukua uzi wa shaba wa kebo, nikaufunga katika fasi ya fizibo. Tangu siku hiyo pompi iliwaka vizuri bila matata, na watu walinishukuru. Ningetazama ile orodha ya juu, ningeona kwamba fizibo haikuwa na kosa lolote. Wakati wa kuwasha, moteri inaomba 60 A. Fizibo ya 15 A ilifanya kazi iliyoumbiwa.

Siku moja ya posho, kijana wa darasa la 4 alikuwa na zamu ya maji. Aliwasha pompi, akaketi nje na kitabu chake. Kisha muda alisikia kimya. Alifikiri kwamba umeme umekwisha. Kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye kusikia, hakugusa kitu. Alikimbia kuniita nyumbani. Kwenda na kurudi ni karibu dakika kumi. Tulipofika, moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango. Tuliona kwamba kajiwe kamoja kalikuwa kameingia kati ya meno ya magurudumu na kuyafunga.

Kamati ya nidhamu iliketi. Ilisemwa kwamba kijana aliacha moteri itembee saa nyingi bila kuiangalia, mpaka ikapata moto mwingi. Akapewa kazi ya kulima muda wa majuma mawili. Mimi nilikuwa katika kamati hiyo, na nilinyamaza. Sikujua hakika kwamba ni uzi wangu, lakini nilikuwa na wasiwasi, na niliacha wasiwasi huo ulale.

4. HESABU ILIYOMTETEA

Majuma kadhaa nyuma, fundi aliifungua moteri ile kwa kuisuka upya, nami nikasimama karibu naye. Alinionyesha kolekteri, lile duara la vipande vya shaba ambapo makaa mawili yanagusa kwa kuingiza umeme. « Mwalimu, tazama hapa, » akasema. Kolekteri ilikuwa safi, ya rangi ya kahawa, isipokuwa fasi mbili zinazotazamana, kila moja ya upana wa kaa. Pale ilikuwa nyeusi na kuyeyuka. « Hii haikuungua ikitembea. Iliungua imesimama. »

Alikuwa na haki. Moteri inayotembea na mzigo mwingi kwa saa nyingi inapitisha vipande vyote vya kolekteri chini ya makaa, kimoja nyuma ya kingine. Ikiungua hivyo, duara lote linakuwa jeusi. Lakini moteri iliyofungwa inaweka makaa yake juu ya vipande vile vile tu, na mkondo wote mkubwa unapita pale. Alama inabaki kama alama ya chuma cha pasi juu ya nguo.

Usiku ule nilichukua karatasi na kufanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mbele ya kamati. Moto katika waya ni R x I x I. Moteri ikitembea vizuri na 10 A: 0,4 x 10 x 10 = 40 W. Ni kidogo, na upepo wa mzunguko wenyewe unauondoa. Ndiyo maana kibao kinaandika 10 A: unaweza kuiacha mchana kutwa. Kuitembeza saa nyingi hakuichomi.

Moteri ikifungwa na jiwe: mwendo ni sifuri, E' ni sifuri, mkondo ni 60 A. Moto: 0,4 x 60 x 60 = 1440 W. Mkondo ulizidi mara 6, lakini moto ulizidi mara 36. Ni kama kufunga rasho kubwa la umeme ndani ya kisanduku ambacho mtu anakibeba kwa mkono mmoja, tena bila upepo.

Fundi alikuwa ametoa karibu gramu 300 za waya ya shaba. Gramu moja ya shaba inahitaji karibu jule 0,385 kwa kupanda nyuzi moja ya joto. Basi gramu 300 zinahitaji karibu jule 115. Na wati 1440 ni jule 1440 kila sekunde. 1440 : 115 inatoa kama nyuzi 12 kila sekunde! Vernisi inayofunika waya haivumili kupita nyuzi 130 ama 155, kufuatana na aina yake.

Tusizidishe, tuwe wakweli. Batri na kebo nazo ziko na rezistansi yao, tuseme 0,1 Ω, kwa hiyo mkondo wa kweli ulikuwa 24 : 0,5 = 48 A. Tena shaba ikipata moto rezistansi yake inapanda, na chuma cha rotori nacho kinakunywa sehemu ya joto. Hata hivyo, weka nusu dakika, ama weka dakika nzima ukipenda. Yule kijana alikuwa bado hajafika barabarani wakati vernisi ilikwisha kuungua. Hata angekaa na macho juu ya moteri, angehitaji kujua jambo moja ambalo hakuna mtu aliyemfundisha: kwamba moteri iliyonyamaza, na enterupteri ikiwa bado imefungwa, haipumziki. Ndiyo wakati inakunywa umeme mwingi kuliko wote.

Fizibo ya 15 A ingepata 48 A na kukatika mbele ya sekunde chache kupita. Ingekuwa kupoteza fizibo moja tu. Lakini fizibo haikuwa pale. Pale palikuwa uzi wangu.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia yote. Lakini mwaka wa masomo ulikuwa umekwisha, na wazazi wa kijana walikuwa wamehama. Sikumuona tena.

5. NAMNA NZURI YA KUWASHA

Basi tufanye nini, kama wakati wa kuwasha 60 A zinakata fizibo, na bila fizibo moteri inaungua? Hatupaswi kuondoa mlinzi. Tunapaswa kupunguza ule mkondo wa kwanza. Tunaongeza rezistansi ya nje kwa muda ule mfupi ambapo E' bado haijazaliwa. Ndiyo kazi ya reosta ya kuwashia.

Tuseme hatutaki mkondo upite 20 A. Wakati wa kusimama E' ni sifuri, kwa hiyo rezistansi yote inapaswa kuwa 24 : 20 = 1,2 Ω. Rotori iko na 0,4 yake. Tunaongeza 0,8 Ω. Na 20 A ni mara mbili ya mkondo wa kazi, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha ni mara mbili ya mahitaji ya pompi. Itaondoka vizuri.

Mkondo ukishuka mpaka karibu 10 A, moteri haikazi mwendo tena. E' yake ni 24 - (1,2 x 10) = 12 V, yaani mizunguko 900. Tukiondoa zile 0,8 Ω zote kwa mara moja, mkondo utaruka mpaka (24 - 12) : 0,4 = 30 A. Ni mingi bado. Afadhali tuondoe 0,6 Ω kwanza, tubakize 0,2. Rezistansi yote itakuwa 0,6 Ω, na mkondo utaruka mpaka 12 : 0,6 = 20 A tu. Tunangoja sindano irudi karibu 10. Sasa E' ni 24 - (0,6 x 10) = 18 V, mizunguko 1350. Tunaondoa zile 0,2 za mwisho: (24 - 18) : 0,4 = 15 A, kisha inashuka 10. Kazi imekwisha, na fizibo ya 15 A, ya aina isiyokatika kwa haraka, inavumilia zile 20 A za sekunde chache bila shida.

Reosta hii munaweza kuitengeneza kwa waya wa chuma, uliosukwa juu ya kigae ama tofali, si juu ya ubao, maana unapata moto. Kwa kujua urefu wake, pitisha 5 A katika waya na utembeze ncha ya voltimetri: pale inaposoma 4 V umepata 0,8 Ω, na pale inaposoma 1 V umepata 0,2 Ω. Lakini musiiache ndani ya mzunguko wakati wa kazi. Ni ya kuwashia tu.

6. KUPIMA R BILA KUJIDANGANYA

Mtu mmoja ataniuliza: 0,4 Ω uliipata namna gani? Multimetri ya kawaida, ukiiweka kwa Ω juu ya moteri, itakudanganya. Rezistansi ni ndogo sana, nyuzi za multimetri zenyewe ziko na sehemu ya ohm, na makaa hayagusi kolekteri vizuri kama mkondo ni mdogo. Geuza rotori kidogo, namba inabadilika.

Fanya hivi. Funga moteri kwa mfululizo na taa ya lori ya 24 V, 70 W. Taa ndiyo itazuia mkondo. Shika rotori isizunguke, maana ikizunguka E' itazaliwa na hesabu itaharibika. Soma ampermetri, na soma volti juu ya moteri peke yake. Sisi tulipata 2,8 A na 1,12 V. 1,12 : 2,8 = 0,4 Ω. Rudia mara nne ama tano, kila mara ukigeuza rotori kidogo, na uchukue namba ya katikati. Ujue kwamba R hii inahesabu makaa pia, na kwamba moteri yenye moto itakuwa na R kubwa kidogo. Kwa hiyo namba zetu zote za leo ni za karibu, si za kukata na kisu.

KWA KUKUMBUKA

Kabla ya kuandika U : R, jiulize kwanza: moteri inazunguka ama imesimama? Kama inazunguka, toa E' mbele ya kugawanya. Na wewe mwenye zamu ya maji: ukisikia pompi imenyamaza, kata umeme kwanza, kisha ndipo ukimbie kumwita mtu. Ukikuta uzi wa shaba katika fasi ya fizibo, usiulize ni nani aliyeweka. Uondoe.

ZOEZI. Asubuhi moja ampermetri ya pompi yetu inaonyesha 16 A, na voltimetri ya batri inaonyesha 24 V. (a) E' ni ngapi? (b) Moteri inafanya mizunguko mingapi? (c) Moto wa rotori ni mara ngapi ule wa kila siku? (d) Utaitafuta shida kwa batri ama kwa pompi? Fanya hesabu mbele ya kutazama chini.

Majibu: (a) 17,6 V. (b) 1320 kwa dakika. (c) 102,4 W kwa 40 W, yaani kupita mara mbili na nusu. (d) Kwa pompi, na kwa haraka.

Mwalimu wenu wa fizike